Nani Kamfuata Mwenzake, Sisi au Barabara?

Kuna swali moja ambalo kila Mtanzania mwenye nyumba kando ya barabara ataulizwa siku moja, na jibu lake lina thamani ya pesa: wewe uliifuata barabara, au barabara ilikufuata wewe? Ukiifuata, unabomoa kwa mikono yako na hulipwi hata senti. Ikikufuata, unalipwa fidia. Swali lenyewe ni jepesi. Kazi iko kwenye kulijibu kwa futi kamba, kwa karatasi na kwa subira.

Sisi tumeulizwa swali hilo Lizaboni, hapa Songea. Kiwanja ni cha marehemu babu, alikifungua mwaka 1974 enzi ambazo eneo letu lilikuwa mashamba ya mahindi na migomba. Sasa anaishi bibi, pamoja na baba mdogo anayemtunza. Mbele, upande wa barabara, kuna nyumba ndogo ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili: kimoja analala baba mdogo, kingine kapanga mama mmoja anayeuza mitumba. Kodi ya chumba hicho ndiyo sukari, mafuta ya taa na dawa za presha za bibi. Taasisi ya serikali inayopanua barabara sitaitaja, maana nina jambo nayo ambalo halijaisha, na sitaki kalamu yangu ya gazetini iingie kwenye ugomvi wa familia yangu. Nasimulia hapa nyumbani kwangu tu, ili atakayefikwa na haya baada yetu asianzie gizani.

Mwaka 2022 walikuja vijana na makopo ya rangi. Wakapiga X nyekundu kwenye ukuta wa ile nyumba ya mbele. Nyie mnajua maana yake: nyekundu kwa kawaida ni kwamba umo ndani ya hifadhi ya barabara, bomoa uondoke. Ya kijani ndiyo ya kulipwa. Bibi hakuhitaji kufasiriwa rangi. Alinipigia simu akasema, "Mjukuu wangu, wametupiga alama ya damu."

Sasa rangi hizi zinatoka wapi? Kwa barabara kuu na barabara za mkoa, sheria ya zamani iliyorithiwa kwa mkoloni iliweka hifadhi ya mita 22.5 kila upande, kuhesabu kutoka katikati ya barabara. Ikaja Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007, ikapanua hifadhi hadi mita 30 kila upande. Kwa hiyo kuna ukanda wa mita 7.5, kati ya 22.5 na 30, ambao kabla ya 2007 ulikuwa mali halali ya watu na baada ya 2007 ukawa unatakiwa na barabara. Aliyekuwa ndani ya ukanda huo kabla ya sheria mpya amefuatwa, na anastahili fidia. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 za mwanzo ameifuata mwenyewe. (Barabara za mitaa zina vipimo vyake, na zipo chache zenye hifadhi pana zaidi, kwa hiyo usichukue namba zangu ukaenda nazo kila mahali. Uliza kwanza barabara yako ni ya daraja gani.)

Nilikwenda Songea likizo, nikanunua futi kamba ya mita 50. Mimi na baba mdogo, na mwenyekiti wa mtaa akishuhudia, tukapima. Angalieni neno "katikati". Wengi hupima kutoka ukingo wa lami, wakapata namba ndogo, wakajiona wamekwisha. Na jingine: barabara ikipanuliwa kuelekea upande mmoja, katikati ya barabara mpya husogea. Hoja yetu ilikuwa kwamba kipimo kianzie katikati ya barabara iliyokuwapo, siyo ile iliyo kwenye mchoro wa mhandisi. Tukapata hivi: ua wa bibi unaanzia mita 20 kutoka katikati, na ukuta wa nyumba ya mbele uko mita 24.

Maana yake, mita mbili na nusu za mwanzo, zenye ua na matuta ya maboga, hazikuwa zetu kisheria tangu babu anazilima. Hapo tulikubali. Barabara ilitangulia. Lakini nyumba yote ilikuwa ndani ya ule ukanda wa katikati. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatanisha mchoro wa mkono wenye vipimo, saini na mhuri wa serikali ya mtaa, na maelezo ya majirani wawili wazee kuhusu mwaka babu alipohamia. Hatukutukana mtu wala kutaja haki za binadamu. Tuliomba jambo moja: njooni mpime tena tukiwapo. Walikuja baada ya wiki tano. X ikafutwa kwa chokaa, ikapigwa ya kijani.

Bibi alidhani yamekwisha. Kumbe kijani ni ruhusa tu ya kuanza kuhesabiwa.

Mthamini alipokuja alimkuta baba mdogo nyumbani, bibi alikuwa kanisani. Fomu ikaandikwa jina la baba mdogo, na picha akapigwa yeye ameshika kibao chenye namba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mthamini huandika aliyemkuta. Ila hundi hufuata jina lililo kwenye fomu, na babu alifariki bila mirathi kufunguliwa. Nimeandika gazetini habari mbili tatu za ndugu waliofikishana mahakamani kwa hundi ya namna hiyo. Tukakaa kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukaenda Mahakama ya Mwanzo, bibi akateuliwa msimamizi wa mirathi. Nakala ya uteuzi ikapelekwa kwa mthamini, jina likabadilishwa. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Nalisema hilo kwa sababu angeweza kunyamaza tu.

Halafu ikaja karatasi ya fidia. Hapa ndipo nawaomba mtulie, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotazama jumla iliyo chini na kusema "ndogo!" au "kubwa!", kisha wanasaini. Jumla haina cha kukuambia. Habari yote imo kwenye mistari iliyo juu yake. Ya kwetu ilisomeka hivi: ardhi mita za mraba 240 kwa shilingi 4,000 kila moja, yaani 960,000. Jengo, 4,160,000. Miti na migomba, 420,000. Posho ya usumbufu, 387,800. Usafiri, 150,000. Posho ya makazi, sifuri. Jumla, shilingi 6,077,800.

Anzeni na ardhi. Eneo lilikuwa sahihi: mita 32 za mbele mara 7.5 za kina ni 240. Bei ndiyo iliyotukwaza. Baba mdogo alipouliza, kijana mmoja wa ofisini alimjibu kwamba ardhi ni mali ya umma, serikali inalipa maendelezo tu, hiyo 4,000 ni hisani. Maneno haya bado mtayasikia sana, na yamepitwa na wakati. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe, ilisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia haiishii kwenye majengo na mazao. Hata pale pasipo na jengo, jasho la mtu aliyeifanyia kazi ardhi linastahili kulipwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaja kuandika kwamba ardhi ina thamani, na kwamba anayenyang'anywa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni zake za mwaka 2001 zikasema msingi wa hesabu ni bei ya soko, na kwamba bei hiyo ipatikane kwa kulinganisha na mauzo halisi ya karibuni ya maeneo yanayofanana.

Maneno "mauzo halisi" ndiyo ufunguo. Ukienda kusema "ardhi yetu ni ghali" hujasema kitu. Sisi tulizunguka mtaani wiki nzima kuomba nakala za hati za mauziano, zile zinazosainiwa mbele ya mwenyekiti. Wengi walikataa, na nawaelewa, mtu hapendi bei yake ijulikane. Tulipata tatu, zote za ndani ya miezi kumi na minane, zote za viwanja visivyopimwa kama chetu. Ukigawa bei kwa eneo, zilitoa shilingi 7,500, 8,000 na 9,000 kwa mita ya mraba. Mthamini alizitazama, akasema kiwanja kimoja kilikuwa kona na kina maji ya bomba, kwa hiyo hakilingani. Alikuwa na haki kusema hivyo. Mwisho wakaandika 7,000. Tuliomba zaidi, hatukupata, lakini 960,000 ilikuwa imekuwa 1,680,000 kwa karatasi tatu za watu wengine.

Mstari wa pili uliotusumbua ni ile sifuri. Kanuni zinasema anayehamishwa kwenye jengo analolikalia hulipwa posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36. Isipokuwa kama eneo halikuwa na mkaaji siku ya kutwaliwa, hapo haipo, na usafiri nao haupo. Sasa angalieni: walikuwa wametulipa usafiri lakini wakatunyima makazi. Jengo moja haliwezi kuwa na mtu na kutokuwa na mtu. Nilirudi kwenye fomu ya uwandani nikakuta limeandikwa "banda". Kumbe siku ile mpangaji alikuwa sokoni, milango imefungwa. Tukapeleka mkataba wake wa kupanga, barua ya mtendaji wa mtaa, na picha ya kitanda cha baba mdogo. Kodi ya vyumba vyote viwili ni shilingi 40,000 kwa mwezi, mara 36 ni 1,440,000. Sifuri ikaondoka.

Posho ya usumbufu ilijirekebisha yenyewe, maana inatokana na thamani zidisha kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara zinalipa kwa amana ya miezi kumi na miwili. Kwetu walitumia asilimia saba. Ardhi ilipoongezeka 720,000, posho ikaongezeka 50,400. Jumla mpya ikafika 8,288,200. Ongezeko la milioni mbili na laki mbili na ushee, na hakuna aliyepandisha sauti.

Tulishindwa kwenye jengo. Kujenga upya vyumba vile viwili kwa bei ya tofali na bati za sasa ni shilingi 6,400,000, na mthamini mwenyewe aliandika hivyo. Kisha akakata asilimia 35 za uchakavu, yaani 2,240,000, ikabaki ile 4,160,000. Bibi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Dukani nitapata wapi tofali zilizochakaa kwa bei nafuu?" Ndivyo thamani ya jengo inavyokokotolewa kwa kawaida nchini kwetu: unalipwa thamani ya ukuta mzee, unaambiwa ukajenge ukuta mpya.

Lakini si kila mahali. Na hili nadhani wengi hawalijui. Februari 2008 Rais Bush alikuja Dar es Salaam, akasaini na Rais Kikwete mkataba wa msaada wa MCC wa dola milioni 698. Humo zilikuwamo barabara mbili za mkoa wetu wa Ruvuma: Songea kwenda Namtumbo, na Peramiho kwenda Mbinga. MCC ilikuwa na sharti kwamba watu wanaohamishwa washughulikiwe kwa kufuata sera ya Benki ya Dunia, na sera hiyo inataka mtu alipwe gharama kamili ya kujenga upya, bila kukata uchakavu. Benki ya Dunia bado ina sharti hilo kwenye miradi inayoikopesha. Kwa hiyo nyumba mbili za tofali zilezile, ndani ya mkoa uleule, zinaweza kudai hesabu tofauti kwa sababu tu ya nani anailipia barabara. Ukisikia mradi unakuja kwenu, swali la kwanza liwe hilo. Ukiambiwa ni mkopo wa Benki ya Dunia, omba kuona mpango wa kuhamisha watu, ni waraka wa wazi. Yetu ilikuwa ya fedha za ndani. Tukakatwa.

Tunafika kwenye jambo ambalo halijaisha. Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha daftari la fidia Februari 2023. Sheria inadai fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikizidi hapo, riba inaanza kutembea kwa kiwango kilekile cha amana za benki, na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini una uhai wa miaka miwili. Ukipita, unafanywa upya. Nyumba ya bibi ilivunjwa, mpangaji akahama, kodi ikakatika. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya bibi Novemba 2024, miezi 21 baada ya idhini. Ziliingia 8,288,200 kamili. Riba, hakuna.

Hesabu ni ya darasa la saba. Toa miezi sita, inabaki 15. Asilimia saba kwa mwaka ya 8,288,200 ni 580,174, na kwa miezi 15 ni 725,217. Tumeandika barua mbili. Jibu la kwanza lilisema suala linashughulikiwa. La pili lilisema hakuna fungu la riba kwenye bajeti ya mradi. Sijaona kifungu kinachosema riba inalipwa pale tu fungu linapokuwapo.

Njia iliyobaki tunaijua. Unaipa taasisi notisi ya siku 90 ya kusudio la kuishtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha unakwenda Mahakama Kuu, na kwa bahati Songea ipo. Ila wakili niliyemuuliza alinitajia ada ambayo riba yote haiifikii. Ndiyo maana riba hazidaiwi jamani. Kwa familia moja ni laki saba, haina faida ya kushtaki. Kwa mradi mzima wenye mamia ya kaya ni fedha nyingi zinazobaki kimyakimya upande wa pili.

Kwa hiyo nimeanza kupita kwa waliolipwa mwezi uleule na sisi, nikiwaomba kitu kimoja tu: karatasi ya fidia na taarifa ya benki inayoonyesha tarehe ya malipo. Sheria zetu zinaruhusu watu wengi wenye dai linalofanana kushtaki pamoja kwa kuwakilishwa na wachache, mahakama ikiridhia, na hapo ada ya wakili inagawanyika. Hadi jana nilikuwa nimepata kaya kumi na moja. Wawili walikataa, mmoja akisema fidia keshaila na hataki serikali imkumbuke.

Baba mdogo anasema tuache, tumejenga chumba kimoja nyuma, mpangaji mpya kaja, maisha yanakwenda. Bibi anasema deni ni deni. Yeye ndiye msimamizi, saini ni yake, na notisi nimeshaichapa. Wakazi wa Lizaboni mliolipwa Novemba ile, tafuteni karatasi zenu kabla mvua hazijazilowesha.